Reneti haimalizi kazi kwenye tangi

Katika mitihani ya teknolojia ya maziwa, swali la jibini huja kwa sura tatu. Mtahiniwa huambiwa aeleze hatua za kutengeneza jibini, au aeleze jinsi reneti inavyogandisha maziwa, au aeleze kinachotokea jibini inapoiva. Kwa kuwa yameulizwa mbalimbali, huyasoma mbalimbali. Hatua anazikariri kwa mpangilio, ugandishaji anauchora mchoro, na kuiva anakuorodheshea: sukari huvunjwa, protini huvunjwa, mafuta huvunjwa. Akiulizwa kwa nini jibini iliyotengenezwa vizuri Februari imekuwa chungu Aprili, anakwama, maana jibu la swali hilo halimo katika sura moja kati ya hizo tatu. Limo katika zote, na linaanzia kwenye chupa ya reneti.

Ukanda wa Mlima Kenya una sababu yake ya kuwakaririsha watu namna hii. Maziwa yapo tele. New KCC ina kiwanda Kiganjo, wakulima wa Mukurwe-ini wana kampuni yao ya Wakulima Dairy, na Meru kuna chama kikuu cha ushirika kinachouza maziwa kwa jina la mlima wenyewe. Lakini sehemu kubwa ya maziwa hayo huuzwa mabichi, ya pakiti, mala na mtindi. Jibini ni kazi ya wachache, kama Raka hapa Nyeri, na wengine wadogo wanaouzia hoteli za Nanyuki na maduka makubwa ya Nairobi. Mwanafunzi wa sayansi ya chakula pale Dedan Kimathi, au kijana wa Othaya aliyepelekwa chuo cha maziwa Naivasha, anaweza kuwa amepima maelfu ya lita kwa laktomita kabla hajakata mgando hata mmoja kwa kisu. Ndiyo maana hapa nitaifuata jibini moja tu, Gouda, ambayo ndiyo watengenezaji wadogo wa Kenya huipenda zaidi, na nitaifuata kwa kuiandama reneti tangu inapomiminwa.

Tuchukue maziwa lita 100 ya ng'ombe wa Friesian, yaliyopashwa joto la nyuzi 63 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu, kisha yakapozwa hadi nyuzi 31. Huwekwa kalcha, yaani bakteria za kuchachusha zinazopenda joto la wastani, lita moja hivi kama ni ya majimaji. Huongezwa pia kloridi ya kalsiamu isiyozidi gramu 20. Baada ya nusu saa, bakteria zikiwa zimeamka, reneti huzimuliwa kwa maji safi ya baridi na kumiminwa huku maziwa yakikorogwa kwa dakika moja au mbili, kisha yanaachwa yatulie kabisa. Ukiendelea kukoroga wakati yanashikana, unakuwa unauvunja mgando kabla haujawa mgando.

Kinachotokea ndani kina awamu mbili, na mtihani mzuri huuliza mpaka wa awamu hizo. Kaseini, protini kuu ya maziwa, haielei moja moja. Imejikusanya katika vijitufe vidogo mno vinavyoitwa miseli, na juu ya kila kijitufe kuna tabaka la kapa-kaseini lenye nywele zinazochomoza majini. Nywele hizo zina chaji hasi, kwa hiyo miseli mbili zikikaribiana husukumana. Ndiyo siri ya maziwa kubaki kimiminika. Kimeng'enya cha reneti, kaimosini, hukata mnyororo wa kapa-kaseini mahali pamoja tu, kati ya asidi amino ya 105 na ya 106. Kipande cha mbele hubaki kwenye miseli, nacho kipande chenye nywele, chenye asidi amino 64, huondoka na kuyeyuka majini. Hiyo ni awamu ya kwanza, na kwa macho huoni kitu. Maziwa yanaonekana yale yale.

Awamu ya pili huanza pale kapa-kaseini nyingi, karibu asilimia 85, ikiwa imeshakatwa. Hapo miseli hazisukumani tena. Kwa msaada wa kalsiamu iliyoyeyuka zinashikana, kwanza mbili tatu, kisha minyororo, kisha wavu mmoja unaoyafunga mafuta na maji ndani yake. Awamu hizi mbili zinatofautiana sana katika kuhitaji joto. Ya kwanza huendelea, japo polepole, hata kwenye maziwa ya baridi. Ya pili huwa ya taabu chini ya nyuzi 20, na kwenye nyuzi 10 haitokei. Kwa hiyo ukitia reneti kwenye maziwa ya friji usiku kucha, asubuhi utayakuta kimiminika. Yapashe kidogo kidogo na yataganda upesi kuliko yale uliyoyatia reneti sasa hivi, kwa sababu ukataji ulishamalizika usiku. Mtahiniwa anayeweza kueleza jambo hilo ameelewa ugandishaji. Anayesema tu "reneti hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 40" amekumbuka nambari, tena nambari ambayo hakuna anayeitumia kwenye tangi la Gouda. Kwenye nyuzi 40 mgando hujifunga haraka na kuwa mgumu kupita kiasi, nazo bakteria za joto la wastani hazipendi hapo. Nyuzi 31 ni mapatano kati ya kimeng'enya, bakteria na kisu.

Asubuhi za Julai mjini Nyeri, mapatano hayo huvunjika bila mtu kujua. Tangi lisilo na ukuta wa maji ya moto, kwenye chumba chenye baridi ya nyuzi 13, hupoteza joto huku maziwa yametulia. Pembeni panashuka hadi nyuzi 27, katikati panabaki 31, na mgando unakuwa na nguvu mbili tofauti ndani ya chombo kimoja. Mtengenezaji akipima katikati peke yake anakata, na pembeni panamwagika kama uji.

Sasa tufike kwenye hesabu, ambayo ndipo mtihani na kazi huachana njia. Nguvu ya reneti hupimwa kwa kipimo cha Soxhlet: reneti ya nguvu 1:10,000 ni ile ambayo sehemu moja yake hugandisha sehemu 10,000 za maziwa kwa dakika 40, yaani sekunde 2,400, kwenye nyuzi 35. Kanuni yake ni hii:

S = 2400 × V / (T × v)

Hapa V ni ujazo wa maziwa, v ni ujazo wa reneti, na T ni sekunde zilizopita hadi maziwa yaanze kuganda. Tuseme chupa imekaa kabatini na hatujui kama nguvu yake bado ipo. Tunazimua mililita 10 za reneti kwa maji hadi zifike mililita 100. Tunachukua mililita 5 za mchanganyiko huo, ambazo ndani yake mna nusu mililita ya reneti yenyewe, na kuzitia kwenye mililita 500 za maziwa ya nyuzi 35. Maziwa yanaanza kuonyesha chembe baada ya dakika 4, sekunde 240. Basi 2400 mara 500 ni 1,200,000; tukigawa kwa 120, yaani 240 mara 0.5, tunapata 10,000. Chupa bado nzima. Kosa la kawaida hapa ni kuweka 5 mahali pa 0.5 kwa kusahau kuwa reneti ilizimuliwa. Reneti nzuri inaonekana ya nguvu 1,000, na chupa inatupwa bure.

Sehemu ya pili ya swali huuliza ni kiasi gani cha reneti hiyo kitahitajika kwa lita 100. Mwanafunzi anakumbuka kuwa Gouda huachwa igande kwa dakika 30 au zaidi, anaweka T kuwa sekunde 1,800, na kupata mililita 13.3. Kwa hesabu hajakosea hata nukta. Lakini akienda kwenye tangi na mililita hizo 13, baada ya dakika 30 atakuta maziwa ndiyo kwanza yanaanza kushika. Kanuni ya Soxhlet inapima mwanzo wa kuganda, chembe za kwanza. Haipimi utayari wa kukatwa. Baina ya hayo mawili kuna kazi kubwa ya wavu kujikaza, nayo kwa Gouda huchukua muda ambao, ukihesabu tangu reneti ilipotiwa, ni kati ya mara mbili na nusu na mara tatu ya muda wa chembe za kwanza.

Kwa hiyo ukitaka kukata kwenye dakika ya 40 hivi, chembe za kwanza zionekane kama dakika ya 15. Rudia hesabu kwa T ya sekunde 900: 2400 mara mililita 100,000, gawa kwa 900 mara 10,000, unapata mililita 26.7. Nambari hiyo haiko mbali na kile ambacho watengenezaji wenye uzoefu humimina bila kalamu, mililita 25 hadi 30 kwa lita 100. Kuna tofauti ndogo ndogo zinazosalia. Tangi liko nyuzi 31 wala si 35, jambo linalochelewesha. Asidi ya kalcha na kalsiamu iliyoongezwa zinaharakisha, na kwa kiasi pande hizo hufidiana. Ndiyo maana mtu makini haiamini hesabu peke yake. Huweka bakuli jepesi la plastiki lielee juu ya maziwa, analizungusha kwa kidole, na kuangalia saa. Bakuli linazunguka kwa ulaini, linazunguka, kisha wakati mmoja linakataa. Hapo ndipo miseli zimeshikana. Kama ilikuwa dakika ya 14, anazidisha mara tatu na kujua kuwa kisu kisubiri hadi dakika ya 42, hata kama kitabu kinasema 30.

Kisu chenyewe ndicho shahidi wa mwisho. Kinatiwa kwa mshazari na kuinuliwa taratibu. Mgando uliokomaa hupasuka kwa mstari ulionyooka, kingo zake zikiwa safi na zenye kung'aa, na kwenye ufa hujaa majimaji ya kijani-manjano yanayopenyeza mwanga. Ikiwa ufa una kingo za kuparuka na majimaji yake ni meupe, bado. Weupe huo ni kaseini na mafuta yanayoondoka, na kila gramu inayoondoka pale haitarudi kwenye jibini. Kwa kawaida lita 10 hutoa kilo moja. Anayekata mapema anaweza kutumia lita 11 au zaidi kwa kilo ile ile, na asijue ziliendako. Anayechelewa naye hupata mgando wa mpira, usiokatika kwa usawa bali kuvunjika vipande vikubwa na vidogo, na vikubwa hubaki na maji mengi ndani.

Mara nyingi reneti hulaumiwa kwa makosa yasiyo yake, na hapo mtihani wa vitendo ndipo unapomtambua mtu. Kisa kinachotokea sana kwetu ni cha maziwa yaliyochemshwa. Mtu aliyezoea kuchemsha maziwa hadi yafure sufuriani huona kwamba huo ndio usafi kamili, kisha anapoza, anatia reneti na kusubiri. Anapata uji. Joto kali huibadilisha protini ya majimaji, beta-laktoglobulini, ikajifunga juu ya kapa-kaseini. Reneti haipati nafasi nzuri ya kukata, na hata pale inapokata, miseli zilizofunikwa hazishikani vizuri. Kuongeza reneti hakusaidii sana. Maziwa hayo yanafaa kwa jibini ya limau au siki, kwa sababu asidi inapoyashusha hadi pH ya 4.6 kaseini hupoteza chaji na kuanguka yenyewe. Mgando wa namna hiyo, hata hivyo, umepoteza kalsiamu yake na hauvutiki wala haujifungi kama ule wa reneti.

Kisa kingine ni cha maziwa yaliyokaa siku mbili kwenye tangi la kupozea kwenye nyuzi 4. Baridi hutoa sehemu ya beta-kaseini na kalsiamu nje ya miseli, na mgando unachelewa na kulegea. Hapo ndipo zile gramu 20 za kloridi ya kalsiamu zinapofanya kazi. Maziwa yaliyoongezwa maji huganda vibaya kwa sababu iliyo wazi zaidi, kwamba kaseini ni chache mno kuunda wavu, na laktomita ingelisema hilo mlangoni.

Cha kutatanisha kuliko vyote ni maziwa ya ng'ombe aliyedungwa dawa ya ugonjwa wa kiwele, akakamuliwa kabla ya siku za kungoja kwisha. Antibiotiki haiigusi reneti. Mgando unakuja kwa wakati wake, kisu kinaonyesha ufa safi, na mtengenezaji anafurahi. Tatizo linajionyesha saa mbili tatu baadaye: pH haishuki. Bakteria za kalcha zimelala au zimekufa, mgando haukamui majimaji yake, jibini inatoka kwenye kalibu ikiwa laini yenye maji, na sukari yote iliyobaki ndani inakuwa chakula cha bakteria wengine. Kwa hiyo mtahiniwa akiambiwa kwamba maziwa hayakuganda, afikirie kimeng'enya, joto, kalsiamu na protini. Akiambiwa kwamba yaliganda vizuri lakini asidi haikuja, afikirie kalcha na kilichoiua. Kuchanganya mambo hayo mawili ndiko kunakoangusha majibu mengi.

Turudi kwenye tangi letu. Mgando unakatwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, unakorogwa polepole, na zaidi ya theluthi moja ya majimaji, tuseme lita 35, inatolewa. Mahali pake panatiwa maji ya moto. Wengi huandika kuwa maji hayo ni ya kupandisha joto, na ni kweli nusu. Kazi yake ya pili ni kuosha sukari ya maziwa itoke kwenye mgando, ili bakteria wasipate cha kutengenezea asidi nyingi. Gouda isiyooshwa huwa chachu na hukatika kama chaki. Iliyooshwa huishia pH ya 5.2 hivi, ikiwa laini ya kukunjika. Kiasi cha maji kinahesabika kwa urahisi. Zimebaki lita 65 kwenye nyuzi 31, tunataka 37, na maji yana nyuzi 60. Kupanda nyuzi 6 kwa lita 65 ni 390. Maji yatashuka nyuzi 23. 390 kwa 23 ni lita 17. Yatiwe kidogo kidogo. Yakimwagwa kwa mkupuo, uso wa kila chembe hujifunga ngozi na maji ya ndani hayatoki tena.

Nyuzi 37 haziiharibu kaimosini. Jambo hili huonekana dogo kwenye daftari, lakini ndilo linalounganisha tangi na chumba cha kuivishia. Jibini zinazopikwa hadi nyuzi 52 au 55, kama zile kubwa za Uswisi na Italia, huharibu sehemu kubwa ya reneti kabla ya kuiva kuanza, na kazi ya kuvunja protini huachiwa plazmini, kimeng'enya cha maziwa yenyewe. Mozarela nayo hukandwa kwenye maji ya moto zaidi. Gouda haipitii joto hilo. Reneti nyingi huondoka na majimaji, na kwenye mgando hubaki sehemu ndogo, mara nyingi chini ya moja kwa kumi. Kwa mililita 26.7 tulizotia, ni kama mililita 2 na kitu ndani ya kilo 10 za jibini. Hizo ndizo zitakazofanya kazi kwa wiki na miezi.

Mgando hukandamizwa ndani ya kalibu, tuseme magurudumu mawili ya kilo 5, kisha hutiwa kwenye maji ya chumvi ya asilimia 20 yenye nyuzi 12 hadi 14 kwa siku mbili au tatu. Maji mapya ya chumvi yasiyo na kalsiamu yana kasoro yake: huinyonya kalsiamu ya jibini, na gurudumu linatoka na ngozi ya utelezi kama sabuni iliyoloa. Kutoka hapo linapelekwa rafuni, kwenye nyuzi 12 hadi 15 na unyevu wa hewa wa asilimia 80 hadi 85, likigeuzwa kila siku mwanzoni na kupakwa nta au rangi ya kinga. Baridi ya usiku ya Nyeri humsaidia mtengenezaji asiye na mashine kubwa, ila mchana wa Februari chumba cha mabati hupita nyuzi 24 bila taabu, na jibini inayoiva kwa joto hilo hutoka jasho la mafuta na kuharibika ladha kabla ya wakati.

Jibini changa ya siku tatu ukiitafuna hulia kwenye meno kama mpira na haina ladha isipokuwa chumvi na uchachu kidogo. Wiki za kwanza, kaimosini iliyobaki hukata alfa-s1-kaseini, ambayo ndiyo nguzo ya ule wavu, hasa kati ya asidi amino ya 23 na ya 24. Nguzo zikikatwa, mpira unalegea na kuwa laini. Plazmini nayo hukata beta-kaseini. Vipande vikubwa vinavyotokana na vimeng'enya hivyo havina ladha nzuri. Baadhi, hasa vya beta-kaseini vinavyochukia maji, ni vichungu. Ni bakteria za kalcha, nyingi zikiwa zimekufa na kupasuka, zinazotoa vimeng'enya vya kuvikatakata hadi kuwa asidi amino, na humo ndimo ladha ya jibini iliyoiva hutoka. Kwa hiyo kuiva ni mbio za wawili. Reneti inatengeneza vipande, kalcha inavimaliza. Reneti ikizidi, vipande vichungu hurundikana kuliko kalcha inavyoweza kuvila.

Hapo swali la uchungu wa Aprili linapata jibu. Mtengenezaji alihesabu mililita 13, akaona maziwa hayashiki, na wiki iliyofuata kwa hasira akatia 60. Mgando ulikuja upesi, ufa ukawa safi, gurudumu likawa zuri. Lakini reneti iliyobaki ndani nayo ilizidi maradufu ya ile ya kipimo sahihi, na wiki sita baadaye ulimi ulijua. Reneti ya kuvu inayouzwa kwa bei nafuu huweza kuleta shida hiyo hata kwa kipimo cha kawaida, kwa kuwa hukata kaseini ovyo zaidi kuliko kaimosini ya ndama, au ile kaimosini inayotengenezwa na vijidudu viwandani tangu 1990. Chumvi ikipungua, uchungu huongezeka tena, maana chumvi ndiyo inayozuia beta-kaseini isikatwe.

Kasoro ya pili ya rafuni inayopendwa na watahini ni kuvimba. Matundu machache ya ukubwa wa njegere ni halali kwenye Gouda. Yanatokana na bakteria za kalcha zinazobadili sitrati kuwa hewa ya kaboni. Kuvimba kwa siku ya kwanza au ya pili, matundu madogo yaliyosongamana kama sifongo, ni kazi ya kolifomu au hamira, na maana yake ni uchafu baada ya kupasha joto, au kalcha iliyokufa kwa dawa kama tulivyoona. Kuvimba kwa wiki ya tano au ya nane, gurudumu likipasuka ndani kwa nyufa na kunuka kama siagi iliyooza, ni klostridia. Chanzo chao ni saileji iliyoharibika. Wafugaji wa Nyeri hufunga majani ya nepia na mahindi kwenye mifuko ya plastiki kwa ajili ya kiangazi cha Januari hadi Machi. Mfuko ukitobolewa na panya, hewa na udongo huingia, na spora hupita tumboni mwa ng'ombe hadi kwenye kinyesi, kwenye chuchu, kwenye debe. Nyuzi 63 kwa nusu saa hazizigusi spora. Lori la kukusanya maziwa likipita kwa wafugaji 80, mfuko mmoja mbovu hutosha. Kwa kuwa klostridia hula laktati na kuhitaji mazingira yasiyo na asidi wala chumvi nyingi, Gouda iliyooshwa, ambayo chumvi huchukua wiki kadhaa kufika katikati yake, ni shamba lao hasa. Anayejibu "pasha joto zaidi" amekosa; jibu liko kwenye malisho, kwenye usafi wa kukamua, na, katika viwanda vinavyoruhusiwa, kwenye nitrati kidogo ndani ya maziwa.

Jambo moja halimo kwenye karatasi ya mtihani, ingawa ndilo linaloamua jibini gani itengenezwe huku mlimani. Mwaka 2024 New KCC ilitangaza kuwalipa wakulima shilingi 50 kwa lita. Kwa bei hiyo lita zetu 100 ni shilingi 5,000 za maziwa pekee, kabla ya kuni, umeme, reneti na mshahara. Mtu anayetengeneza magurudumu mawili kila siku na kuyaivisha kwa wiki sita atakuwa na magurudumu 84, kilo 420, na shilingi 210,000 za maziwa zimelala rafuni kabla hajauza kipande cha kwanza, huku mkulima akitaka malipo yake mwisho wa mwezi. Mozarela huuzwa wiki hiyo hiyo kwa wapishi wa pitsa. Ndiyo maana Gouda nyingi inayokatwa hapa ina wiki nne au chini yake, bado na ile milio ya mpira kwenye meno, reneti yake ikiwa imefika nusu ya njia.